Kucha zenye vishimo: Kabla ya kumeza dawa ya fangasi, tazama ugonjwa umeanzia wapi

Katika mashamba ya chai ya Itumbe, Kaunti ya Kisii, vidole ndivyo mashine. Mchumaji hubana majani mawili na kichipukizi chake kati ya kidole gumba na cha shahada, huyakata kwa ncha za vidole, kisha huyatupa kikapuni mgongoni. Kazi hiyo huirudia tangu umande wa asubuhi mpaka majani yapelekwe kituoni kupimwa, kabla ya lori la kiwanda kuyabeba. Akifika nyumbani, vidole hivyo hivyo vinamenya ndizi, vinachambua chinsaga na kufua nguo. Kucha zikianza kuharibika, hasara inaonekana upesi: ukucha unang'oka kwa urahisi, ncha ya kidole inauma, na kilo za majani zinapungua.

Katika hali hiyo wengi hupitia kwanza dukani kwa dawa, na jibu wanalopewa mara nyingi ni moja. "Daktari, kucha zangu zinamomonyoka," anasema mteja. "Hiyo ni fangasi, mama. Chukua hizi tembe," anajibiwa. Pengine ni fangasi kweli. Lakini kama kucha zilizoharibika ni za mikononi, ni kadhaa kwa mpigo, na zina vishimo vidogo juu yake, kuna ugonjwa mwingine unaopaswa kufikiriwa kwanza. Huo ni soriasisi, ugonjwa wa kinga ya mwili ambao hauambukizi na hausikii dawa yoyote ya fangasi.

Magonjwa haya mawili huweza kufanana hata mbele ya daktari mzoefu. Kuna swali moja, hata hivyo, ambalo huyatenganisha mara nyingi: uharibifu umeanzia wapi? Soriasisi huanzia ndani ya mwili, na mara nyingi hulishika shina la ukucha lililo nyuma, chini ya ngozi. Fangasi hutoka nje, na mara nyingi huingilia mbele au pembeni. Mtu akilielewa hilo, dalili nyingine zinajipanga zenyewe.

Kishimo kinavyotokea

Ukucha tunaouona ni kitu kilichokwisha kufa. Sehemu iliyo hai ni shina lake, ambalo limejificha chini ya ngozi upande wa nyuma, kuelekea kiungo cha mwisho cha kidole. Kile kimwezi cheupe kinachoonekana hasa kwenye kidole gumba ni ncha ya shina hilo. Shina huzalisha seli ngumu na kuzisukuma mbele polepole. Ukucha wa mkono husogea kiasi cha milimita 3 kwa mwezi, na huchukua takriban miezi 6 kubadilika wote. Wa mguu huenda polepole zaidi, na huhitaji mwaka mmoja hadi mmoja na nusu.

Kwa mwenye soriasisi, mfumo wa kinga huchochea ngozi ijizalishe kwa kasi isiyo ya kawaida. Seli ya ngozi ambayo ingechukua karibu mwezi kufika juu na kupukutika humaliza safari hiyo kwa siku chache, ikiwa bado changa. Ndiyo maana viwiko, magoti na kichwa cha mgonjwa hufanya mabaka manene yenye magamba. Mambo hayo hayo yakitokea kwenye shina la ukucha, matokeo hutegemea ni sehemu gani ya shina iliyoguswa.

Uso wa juu wa ukucha hutengenezwa na sehemu ya nyuma kabisa ya shina. Soriasisi ikishika hapo, hutoa vifungu vidogo vya seli changa ambazo hazikushikana vizuri na nyingine. Ukucha unaposogea na kutokeza nje ya ngozi, vifungu hivyo hudondoka, na mahali pake panabaki kishimo chenye ukubwa wa ncha ya sindano au zaidi kidogo. Kimoja au viwili si kitu, kwani hata mtu mzima wa afya huweza kuwa navyo. Vikiwa vingi, vya kina, vimetapakaa bila mpangilio na viko kwenye kucha kadhaa, soriasisi inaingia juu kabisa ya orodha. Shina lote likishikwa, ukucha haupati vishimo tu. Hutoka ukiwa mbovu tangu mwanzo, wa kusagika na kumomonyoka vipande vipande.

Nyama iliyo chini ya ukucha nayo huweza kupata ugonjwa. Hapo linatokea doa la rangi ya chungwa au hudhurungi linaloonekana kupitia ukucha, ambalo madaktari huliita tone la mafuta. Ukucha huweza kuachana na nyama kuanzia mbele, na unga mgumu ukajikusanya chini yake. Mistari myembamba ya damu iliyokauka huonekana pia, imelala kuelekea ncha ya kidole. Vitabu vingi vya tiba husema pale ukucha ulipoachana na nyama pana ukingo mwekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Ukingo huwa wa kahawia iliyoiva au wa zambarau, na ni rahisi kuupita bila kuuona.

Fangasi huingilia mbele

Kuvu wanaoharibu kucha, hasa aina iitwayo Trikofitoni rubramu, hula keratini, ile protini ngumu inayojenga ukucha. Mara nyingi huanzia kwenye ngozi ya nyayo na katikati ya vidole vya miguu, ndani ya gambuti na viatu visivyopitisha hewa. Kutoka hapo hupenya chini ya ukucha kupitia ukingo wa mbele au pembeni. Kwa hiyo ukucha wa fangasi huanza kuwa wa njano au mweupe kwenye ncha, hunenepa, hujaa unga chini, na uharibifu huo husogea kuelekea nyuma mwezi baada ya mwezi. Sehemu iliyo karibu na ngozi huweza kubaki nzuri kwa muda mrefu.

Tofauti nyingine iko katika hesabu na mahali. Fangasi hupenda miguu kuliko mikono, hasa kidole kikubwa, na huanza na ukucha mmoja au kucha mbili upande mmoja. Ukiikuta kwenye mkono, aghalabu utaikuta na mguuni. Soriasisi hupenda kushika kucha kadhaa za mikono yote miwili. Na vishimo vya wazi juu ya ukucha si kazi ya kawaida ya fangasi, kwa sababu yenyewe haianzii kwenye shina linalotengeneza uso wa ukucha.

Kwa wachumaji wa chai kuna jambo la tatu linalochanganya. Utomvu wa majani hupaka kucha rangi ya kahawia, na wapo wanaoidhani ni ugonjwa. Rangi ya nje hukaa juu ya ukucha, na ukikwaruza taratibu kwa wembe hutoka. Mtu akipumzika shambani wiki kadhaa, sehemu mpya inayoota hutoka safi, na mpaka kati ya safi na iliyochafuka hufuata mkunjo wa ngozi iliyo nyuma ya ukucha. Madoa ya soriasisi hayakwaruziki, maana yako chini.

Mchumaji mmoja wa mfano

Tuchukue mfano wa kubuni, ila dalili zake ni zile zile ambazo kliniki za ngozi huzikuta. Mama wa miaka 42, mchumaji wa chai, ana kucha 6 za mikono zilizojaa vishimo. Ukucha wa gumba la kulia umeachana na nyama karibu nusu, na una doa la rangi ya chungwa. Ukucha wa kidole kikubwa cha mguu wa kushoto ni mnene na wa njano. Amekwisha kumeza vidonge vya fangasi alivyonunua mara mbili, na mikono haijabadilika.

Mhudumu makini hataanza na kucha. Atamwomba mama huyu avue kitambaa kichwani, kisha atafute magamba kwenye mstari wa nywele na nyuma ya masikio. Ataangalia viwiko, magoti, kitovu na mfereji wa makalio, kwa kuwa soriasisi hujificha huko na mgonjwa huenda hajawahi kuihusisha na vidole vyake. Atauliza kama mzazi, ndugu au mtoto ana ngozi ya namna hiyo, kwa sababu ugonjwa huu hufuata damu ya ukoo. Tuseme mama huyu ana baka moja la magamba nyuma ya sikio, ambalo miaka yote amelidhani kuwa mba. Ushahidi unaanza kuelemea upande mmoja. Asingekuwa na baka lolote, soriasisi bado isingefutwa, kwani wapo wachache ambao ugonjwa huwapata kwenye kucha peke yake.

Kisha ataulizwa swali ambalo wauza dawa wengi hawaliulizi: viungo vikoje asubuhi? Shina la ukucha limeungana kwa nyuzi na kano ya kiungo cha mwisho cha kidole, na ndiyo sababu soriasisi ya kucha huenda pamoja na ile ya viungo. Wengi wa wenye soriasisi ya viungo wana kucha zilizoharibika pia. Akisema vidole hukakamaa kwa nusu saa au zaidi kila anapoamka, kiungo karibu na ukucha kimevimba, kidole kizima kimefura tangu mzizi hadi ncha, au kisigino kinauma anapokanyaga mara ya kwanza asubuhi, basi hilo si suala la kucha tena. Atahitaji daktari wa viungo au daktari bingwa wa magonjwa ya ndani bila kungoja. Na asitulizwe na kipimo cha damu cha baridi yabisi kilichorudi bila kitu, kwa kuwa kwa wagonjwa wengi wa soriasisi ya viungo kipimo hicho hurudi hivyo hivyo.

Mara nyingi pia atashauriwa kupima virusi vya ukimwi. Soriasisi kali inayozuka ghafla kwa mtu mzima huweza kuwa ishara ya maambukizi hayo, na majibu yake huathiri uchaguzi wa dawa.

Kipande cha ukucha hadubinini

Macho peke yake hayatoshi, kwa sababu ukucha ulioharibiwa na soriasisi na kuachana na nyama ni mlango wazi kwa fangasi. Magonjwa yote mawili huweza kukaa kwa mtu mmoja, hata kwenye ukucha mmoja. Kipimo cha kwanza ni cha kawaida, na maabara yenye hadubini na mtu aliyezoea kazi hiyo huweza kukifanya.

Ukucha husafishwa kwa spiriti. Sehemu iliyoachana hukatwa nyuma kadiri inavyowezekana bila kumuumiza mgonjwa, kisha unga ulio chini yake hukwanguliwa pale mwishoni, mpakani mwa pabovu na pazima. Hapo ndipo kuvu walio hai hupatikana. Unga wa ukingoni mbele huwa na kuvu waliokufa na uchafu wa shamba. Sampuli huwekwa kwenye haidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10 hadi 20 ili keratini ilainike, kisha mtaalamu hutafuta nyuzi za kuvu hadubinini. Sehemu nyingine ya sampuli huweza kuoteshwa ili aina ya kuvu ijulikane. Majibu ya kuotesha huchukua wiki kadhaa, kwa kawaida hadi 4.

Kipimo hiki hukosea kwa njia mbili. Kwanza, hurudi bila kitu ilhali fangasi ipo, iwapo sampuli ilikuwa ndogo, ilichukuliwa ukingoni, au mgonjwa alikuwa amepaka au kumeza dawa ya fangasi karibuni. Kwa hiyo mwambie mhudumu kila ulichotumia. Pengine atakuambia usubiri wiki kadhaa au hata miezi ndipo upimwe. Pili, kuotesha huweza kukuza kuvu wa udongoni waliojibandika tu juu ya ukucha wa mkulima, na ikadhaniwa kuwa ndio ugonjwa. Shaka ikibaki, kipande cha ukucha hutiwa rangi maalumu na kuchunguzwa na mtaalamu wa tishu, na mara nyingi hicho huona kile ambacho njia nyingine zimekosa.

Kwa mama wetu wa mfano, majibu yalirudi mawili: unga wa mikononi haukuwa na kuvu, wa mguuni ulikuwa nao. Ana soriasisi ya mikono na fangasi ya mguu. Hivyo ndivyo vile vidonge vilivyomchanganya: alivyotumia kwa siku chache havikutosha mguu, na mikono haikuwa na cha kutibiwa navyo.

Maeneo ya Kisii na Nyamira, mwenye tatizo kama hili huanzia kituo cha afya au hospitali ndogo iliyo karibu, na inapobidi hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Si lazima akutane na daktari bingwa mara ya kwanza. Afrika Mashariki ina matabibu waliosomea magonjwa ya ngozi katika kituo cha mafunzo kilichofunguliwa mwaka 1992 kule Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, ambacho kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kinachohitajika ni mtu anayejua kuichukua sampuli na kumvua mgonjwa kitambaa cha kichwa.

Matibabu: kwanza mikono ipumzishwe

Soriasisi hufuata jeraha. Ngozi au ukucha unaogongwa, kukwaruzwa au kubanwa kila siku ndio unaoshikwa zaidi, na kwa mchumaji hilo lina maana kubwa. Kucha zikatwe fupi na kunyooshwa kwa tupa, ili zisinase kwenye shina la chai na kung'oka. Unga wa chini usichokolewe kwa njiti, sindano wala kisu. Kila mchokoo huzidisha utengano. Ngozi laini iliyofunika nyuma ya ukucha isikatwe saluni. Wakati wa kuosha vyombo na kufua, glovu za mpira zivaliwe juu ya glovu nyembamba za pamba ili jasho lisilowanishe vidole. Mafuta mazito ya kupaka yawekwe mara kadhaa kwa siku, hasa baada ya kunawa. Kucha za bandia ni afadhali ziachwe, kwa sababu zikigonga kitu huung'oa ukucha ulio chini.

Kucha zikiwa chache na viungo vikiwa vizima, dawa ya kupaka ndiyo huanza. Inayotumika sana ni steroidi yenye nguvu kama klobetasoli ya asilimia 0.05 au betamethasoni, peke yake au pamoja na kalsipotrioli iliyotokana na vitamini D. Wengi hukosea mahali pa kuipaka. Kuipaka juu ya ukucha ni kuipoteza, kwani ukucha ni mgumu na shina liko nyuma. Kwa vishimo na kumomonyoka, kiasi kidogo hupakwa kwenye mkunjo wa ngozi nyuma ya ukucha na kusuguliwa taratibu usiku. Kwa ukucha ulioachana na nyama, sehemu iliyoachana hukatwa kwanza, kisha dawa hupakwa kwenye nyama yenyewe.

Steroidi kali haifai kupakwa miezi na miezi bila kuangaliwa. Hukondesha ngozi ya kidole, na ikizidi sana huweza kuathiri hata mfupa wa nchani. Ndiyo sababu daktari hupanga wiki za kupaka na siku za kupumzika. Kalsipotrioli ina usalama zaidi kwa matumizi marefu, ila nayo ina kiwango chake.

Vishimo na unene vikikaidi, daktari aliyezoea huweza kuchoma sindano ya triamsinoloni kwenye mkunjo wa ngozi, karibu na shina. Kiasi chake ni kidogo, takriban mililita 0.1 kila mahali, na hurudiwa kila baada ya wiki 4 hadi 8. Hufanya kazi vizuri zaidi kwa magonjwa ya shina kuliko kwa ukucha ulioachana na nyama. Inauma, hivyo kidole huweza kutiwa ganzi kwanza, na damu kidogo huweza kuvilia chini ya ukucha.

Wakati wa vidonge

Kucha zikiwa nyingi, maisha ya kazi yakikwama, au viungo vikihusika, tiba huhamia kwenye dawa za kutuliza kinga. Inayopatikana kwa urahisi zaidi kwetu ni methotreksati. Ni dawa nzuri, na pia huweza kuua ikitumiwa vibaya. Humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Chagua siku, tuseme Jumapili, iandike kwenye pakiti, na kila mtu nyumbani aijue. Kabla ya kuanza hupimwa damu, ini na figo, homa ya ini na kifua kikuu hutafutwa, kisha vipimo hurudiwa. Asidi ya foliki hutolewa pamoja nayo ili kupunguza madhara, kwa siku ambayo daktari ataelekeza. Mwenye mimba au anayetazamia kupata mimba haruhusiwi kuitumia, na pombe huzidisha hatari kwa ini.

Kuna onyo jingine linalohitaji kukaririwa: methotreksati na septrini hazipatani. Zikikutana huweza kuzima utengenezaji wa damu mwilini. Septrini hutolewa sana kwa kikohozi, mkojo wenye maumivu, na kwa wanaoishi na virusi vya ukimwi, kwa hiyo anayetumia methotreksati amtajie kila anayemwandikia dawa.

Zipo dawa nyingine, kama asitretini, siklosporini, na sindano za kisasa zinazolenga kemikali moja moja za kinga, mfano adalimumabu na sekukinumabu. Hizi za mwisho ndizo zinazosafisha kucha vizuri zaidi, lakini bei yake iko mbali na mfuko wa mchumaji, na lazima kifua kikuu kipimwe kwanza. Vidonge au sindano za mwili mzima za steroidi, ambazo hutolewa ovyo kwa sababu huleta nafuu ya haraka, ziepukwe: zikiachwa, soriasisi huweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, wakati mwingine na usaha mwilini.

Na fangasi ya mguu wa mama wetu? Ikiwa imethibitishwa na ini ni zima, dawa ya kwanza ni terbinafini ya miligramu 250 kila siku, kwa wiki 6 ikiwa ni kucha za mikono na 12 ikiwa ni za miguu. Kidonge kimoja cha flukonazoli hakiwezi kumaliza fangasi ya kucha. Dawa hiyo inahitaji dozi za kila wiki kwa miezi. Lakini hapa kuna mtego: kwa watu wachache terbinafini yenyewe huchochea soriasisi. Hiyo ni sababu moja zaidi ya kutoimeza kwa kubahatisha, na ya mama huyu kurudi mapema akiona mabaka mapya. Viatu na soksi navyo vitunzwe, na ngozi ya katikati ya vidole itibiwe kwa krimu, la sivyo kuvu hurudi.

Namna ya kujua kama dawa inafanya kazi

Wengi huacha tiba mwezi wa pili wakisema haijasaidia. Hesabu inaonyesha kwa nini hukumu hiyo huja mapema. Sehemu mpya ya ukucha huanza kuumbwa chini ya ngozi, kwa hiyo wiki za mwanzo hakuna kinachoonekana. Baada ya hapo hutokeza milimita 3 kwa mwezi. Ukucha wa gumba wenye urefu wa milimita 12 hautakuwa umebadilika wote kufikia mwezi wa tatu. Vishimo vya zamani havizibiki. Husukumwa mbele mpaka vikatwe kwa mkasi.

Cha kutazama, basi, ni upande wa nyuma. Piga picha ya kila ukucha siku ya kwanza kwa simu, mahali penye mwanga wa jua, na urudie kila mwezi. Ukiona ukanda laini usio na vishimo umetokea karibu na ngozi na unapanuka, dawa inafanya kazi hata kama ncha bado ni mbovu. Ukiona vishimo vipya vinaendelea kutokeza nyuma baada ya miezi 3 au 4 ya kutumia dawa ipasavyo, rudi kliniki, dawa ibadilishwe. Na ugonjwa huu haumaliziki moja kwa moja: hutulia na kurudi, na anayetunza picha zake huuona mapema.

Yapo mambo ambayo hayangojei picha ya mwezi ujao. Mstari mweusi au wa kahawia kwenye ukucha mmoja pekee, unaopanuka au unaoingia kwenye ngozi inayouzunguka, uonwe na daktari haraka, kwa kuwa huweza kuwa saratani. Ngozi ya pembeni iliyovimba, inayopwita na kutoa usaha inahitaji tiba ya siku hiyo hiyo. Vidole vinavyokakamaa kila asubuhi vinahitaji daktari kabla kiungo hakijaliwa, maana ukucha huota tena lakini kiungo kilichokwisha kulika hakijirudishi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiona vishimo kwenye kucha zako au za mama yako shambani, usinunue tembe leo. Angalia uharibifu umeanzia nyuma au mbele, hesabu kucha na mikono iliyoguswa, papasa viwiko na kichwa, kisha nenda kliniki uombe ukucha ukatwe na kupimwa. Endelea kusalimiana na watu kwa mkono na kupika chakula cha nyumba yako, kwa sababu soriasisi haimwambukizi mtu.